Kabla hujavutia waya nodi za waifai ofisini

Mgeni kwenye hizi kazi, soma hii kabla hujapanda ngazi. Chukua ofisi ya kawaida, mapokezi mbele ambako faiba inaingia na ruta ipo, korido, halafu vyumba vitatu vya tofali za simenti. Bosi kanunua mesh ya nodi tatu, yaani viboksi vinavyorushiana waifai ofisi nzima, kazipanga mwenyewe, alama za waifai zimejaa kila kona ila chumba cha nyuma watu wanalalamika neti haisogei. Sababu ni kwamba nodi ya nyuma inapokea data hewani na kuitupa tena hewani kwa redio ileile, kwahiyo karibu nusu ya spidi inaliwa hapohapo, na bado hujahesabu ukuta. Vile vijiti kwenye simu vinakuonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na nodi, havikwambii nodi yenyewe inaongeaje na ruta.

Dawa ni nodi kuu ichomekwe kwenye ruta, swichi moja ichomekwe kwenye nodi kuu, na kila nodi nyingine ipate waya wake kutoka kwenye swichi hiyo. Watu wanapenda kurukisha, waya unatoka nodi ya katikati kwenda ya nyuma, inafanya kazi ndio, ila siku mtu akichomoa ya katikati achaji simu basi na ya nyuma imekufa.

Pima njia ya waya, usipime chumba. Kutoka swichi hadi nodi ya nyuma kwa macho ni mita 14, lakini waya unapanda ukutani mita 2.5, unatembea korido hizo 14, unakata kona mita 3, na uache akiba mita 2 upande wa swichi na 1 upande wa nodi, tayari ni 22.5, nunua 25. Kikomo ni mita 100 kwahiyo ofisi ndogo huwezi kukifikia. Chukua Cat6 ya shaba tupu. Ile ya bei chee iliyoandikwa CCA ni alumini iliyopakwa shaba, kwangua ncha kwa kisu ukiona weupe ndani irudishe dukani, inakatika ukiikunja na kama nodi inakula umeme kupitia waya huohuo ndo inakuangusha kabisa. Usiupitishe waya wako wa data kwenye tranki moja na waya za umeme, ziachanishe kama sentimita 20 hivi, zikilazimika kukutana zikatane msalaba. Na usikaze zipu tai mpaka waya ubonyee. Andika namba ncha zote mbili kabla hujavuta, sio baada.

Sasa hapa ndo wengi wanapigwa. Umekrimpu plagi kwenye ncha, umechomeka, taa imewaka, neti ipo, unasema kazi imeisha. Subiri. Linki ya 100 Mbps inatumia pini nne tu, 1, 2, 3 na 6, ila ya 1 Gbps inataka zote nane. Pini ya 5 isiposhika, vifaa vingi vinashuka kimyakimya hadi 100 na kila kitu kinaonekana kiko poa, na kama kifurushi cha ofisi ni 50 Mbps hata ukipima spidi hutajua, utajua siku mtu wa chumba cha nyuma anavuta mafaili kutoka kompyuta ya mhasibu. Kwahiyo chomoa waya kwenye nodi, chomeka kwenye laptopu yenye poti ya giga, fungua PowerShell:

```
Get-NetAdapter | Select Name, LinkSpeed
```

Mstari wa Ethernet ukisoma `1 Gbps` umepona, ukisoma `100 Mbps` kata ncha ukrimpu upya, anza na ile uliyoifanya umechoka.

Na ile testa ya taa nane usiiamini sana, inakwambia pini 1 imefika kwa 1 basi. Ukipanga rangi kwa kujitungia, sawa pande zote mbili, taa zitafuatana vizuri tu lakini pini 3 na 6 haziko kwenye nyuzi zilizosokotwa pamoja, na waya ukiwa mrefu data inapotea ovyo. Panga hivi pande zote: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Na usifungue msokoto wa nyuzi zaidi ya sentimita 1 na kitu.

Ukimaliza ingia kwenye apu ya mesh uangalie nodi inasema imeungwaje. Ikiwa bado inasema `Wireless` na waya umechomekwa, iwashe upya, na uhakikishe waya huo umetoka kwenye nodi kuu au swichi iliyo nyuma yake, sio kwenye ruta ya kampuni ya mtandao iliyo mbele ya nodi kuu, mesh nyingi hapo zinagoma. Taa zote za swichi zikianza kupepesa pamoja kwa kasi na neti ikafa ofisi nzima, huenda kuna mtu kachomeka waya mbili kutoka swichi ileile kwenye nodi moja, chomoa mmoja.