Hisa zile zile, faida mbili

"Nilinunua hisa 1,000 kwa sh 400, baadaye 1,000 kwa sh 600. Nimeuza 1,200 kwa sh 700. Mimi napata faida 320,000, shemeji anasema 240,000. Nani kakosea?"

Hakuna aliyekosea, ndugu yangu. Fikiria magunia ya mchele pale Tandale. Wewe umemaliza gunia la zamani kwanza, ukachota 200 kwenye jipya: gharama 520,000. Shemeji kayamwaga yote pamoja, kila hisa ikawa 500: gharama 600,000. Mauzo ni 840,000 kwa wote.

Ila faida yako ya ziada, ile 80,000, haijatoka hewani. Hisa 800 zilizobaki kwako zina gharama ya 480,000, kwake 400,000. Ukiziuza zote, jumla mtalingana. Ndiyo maana ukianza na njia moja usirukie nyingine katikati.

Mimi niliteleza kwenye wastani, ile njia ya shemeji. Tuseme sasa unaongeza hisa 400 kwa sh 800. Usijumlishe manunuzi yote tangu mwanzo, utapata 550, kosa. Chukua 400,000 ya zilizobaki, ongeza 320,000, gawa kwa 1,200: ni 600.

Kamisheni ya dalali iongeze kwenye gharama unaponunua, ipunguze kwenye mapato unapouza.

Kama hesabu ni ya kodi, muone mshauri wa kodi au TRA kabla ya kuchagua njia. Hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam na zisizoorodheshwa hazichukuliwi sawa.