Zawadi ya mzazi: mpelekee chupa ya uji

"Mwenzangu wa ofisini kajifungua wiki iliyopita. Nina elfu 40, nimpelekee nini?"

Dada, nguo za mtoto waachie wengine; mimi nililetewa rundo, nyingine hazikuvaliwa hata mara moja. Kilichoniokoa ni chupa ya chai ya lita moja na nusu. Mama aliijaza uji saa 4 usiku, nami saa 9 nikiamka kunyonyesha namimina tu bila kumsumbua mtu. Ongeza pakiti mbili za pedi kubwa za uzazi, maana damu huweza kutoka hadi wiki 6. Poda na maziwa ya kopo usibebe.

Ukifika, kaa kidogo, osha vyombo, uage. Akikudokeza kwamba pedi inalowa chepechepe ndani ya saa moja, au ana homa, awahishwe hospitali hapo hapo, asingoje kliniki.