Jamaa kajibandika kwenye picha ya familia, msomaji atashtukaje?

"Wakuu, kwenye hadithi yangu jamaa yuko Muscat anajiunganisha kwenye picha ya Idi ya familia Kondoa. Msomaji ashtukie vipi bila mimi kumwambia?"

Mkuu, tumia mwanga. Familia imepigwa nje saa mbili asubuhi, jua linawapiga usoni toka kulia, vivuli vimelala ukutani kushoto. Yeye kajipiga selfi chumbani chini ya taa ya tyubu, uso mweupeee hauna upande wa kivuli, akijibandika tu anaonekana kama stika.

Sasa mpe akili, apande juu ya paa asubuhi, mwenzake wa chumba ampige jua likiwa kulia hivohivo, halafu picha aitume wasapu kwanza ipungue ubora, maana picha ya familia aliyotumiwa na dada yake imekuja hivyo na yake ikiwa kali zaidi inamuumbua. Ajiweke nyuma ya mama na shangazi, hapo miguu haionekani na kivuli kinafichwa na vya wenzake.

Atakayemgundua awe bibi. Wote wamekunja macho kwa jua, yeye kayakodoa, maana alivaa miwani ya jua dakika zote akaivua pale tu kamera ilipokaribia kulia. Usimpe bibi maneno mengi, aulize tu "huyu jua halimuumi?"