Imeili ya kuomba kazi isiyotangazwa: hilo neno "yoyote" lifute

Swali: Shikamoo. Nina stashahada ya umeme niliyosomea Mbeya, na nimefanya kazi miezi 8 kwenye kiwanda cha mbao hapa Mafinga. Nataka kuandikia kiwanda cha chai Mufindi ambacho hakijatangaza nafasi. Kijana wa steshenari kaniandikia barua ya ukurasa mmoja na nusu, kasema nimalizie na "niko tayari kufanya kazi yoyote". Tumeshaituma kwa kampuni 30, kimya. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Kinachokuangusha ni hiyo "kazi yoyote", na sijui ni nani aliyewafundisha watu kwamba ukijitanua ndiyo unapata nafasi nyingi zaidi. Kazi ikitangazwa, mwajiri ana tangazo mkononi, anakulinganisha nalo. Isipotangazwa hana cha kukulinganisha nacho, kwa hiyo wewe ndiye wa kumwonyesha pengo lilipo. Ukimwambia "yoyote", umemtwika yeye kazi ya kukutafutia kazi. Anafunga imeili, basi.

Pengo lako lipo. Mvua zikiisha mwezi wa Mei, majani hupungua, na kiwanda cha chai hupata nafasi ya kusimamisha mitambo kidogo kidogo na kuifanyia matengenezo. Mwandikie anayeumwa na kazi hiyo, yaani mhandisi wa kiwanda, na umwandikie Aprili, kabla hajapanga watu wake. Anwani inayoanza na info@ achana nayo. Nenda getini au piga simu ya ofisi, uliza jina la mhandisi na imeili yake. Kisha andika hivi:

> Kichwa: Fundi umeme wa mota na stata, Mafinga – matengenezo ya kiangazi
>
> Ndugu Mhandisi,
>
> Habari za kazi. Ni fundi umeme mwenye stashahada, naishi Mafinga. Kwa miezi 8 nimehudumia mota na stata za kiwanda cha mbao, na msimamizi wangu yuko tayari kuulizwa.
>
> Kwenye matengenezo yenu ya kiangazi naweza kupima insulesheni ya mota kwa mega na kutenganisha iliyoungua na iliyopata unyevu tu, kubadili beringi, na kufuatilia hitilafu za stata za sta-delta.
>
> Naomba dakika 15 nije kiwandani Jumanne au Alhamisi ijayo. Kama nafasi haipo sasa, naomba niwe kwenye orodha ya mafundi wa muda. Wasifu wa kurasa 2 nimeuambatisha.
>
> Jina, namba ya simu

Hayo hayafiki maneno 100, na mhandisi anayasoma kwenye simu akiwa amesimama. Tazama ile sentensi ya mega. Feni za kunyausha majani hufanya kazi penye unyevunyevu, na ukungu wa Mufindi nao haujifichi. Mota ikisoma insulesheni ndogo huenda imeungua, huenda imelowa tu. Ya kwanza inasukwa upya, ya pili inakaushwa na kupimwa tena. Anayejua tofauti hiyo anaokoa gharama ya kusuka mota nzima, na mhandisi ataijua thamani yake bila wewe kuandika "mchapakazi mwenye kujituma". Ila usiandike usichokifanya, maana getini utakabidhiwa hiyo mega. Kama una leseni ya EWURA taja daraja lake. Kama huna, nyamaza, usiseme "iko njiani".

Ambatisha faili moja tu la PDF, lenye jina lako na neno "wasifu". Vyeti vilivyopigwa picha kwa simu, kimoja kimoja, huwa vizito. Gmail inaruhusu MB 25 kwa imeili moja, lakini seva ya anayepokea inaweza kuweka kikomo kidogo zaidi, na ikikataa utarudishiwa ujumbe wa "Mail Delivery Subsystem". Kagua: huenda sehemu ya ule ukimya wa kampuni 30 imelala humo. Siku 10 zikipita bila jibu, jibu juu ya imeili yako ileile kwa mistari miwili. Mara moja tu.

Sasa hao wa steshenari. Barua moja wanaiuza kwa watu 50, wanabadilisha jina, na wakati mwingine wanasahau hata hilo. Wengine wanaweka anwani zote 30 kwenye "To", kwa hiyo kila kampuni inawaona wenzake 29 walioandikiwa maneno yaleyale. Wabaya zaidi ni wanaojiita watu wa ndani, wanaotaka elfu ishirini "waifikishe mezani" pamoja na nakala ya kitambulisho chako cha NIDA. Imeili haihitaji mbebaji, na katika hatua hii hakuna mhandisi anayehitaji NIDA yako. Nakala ikishatoka mikononi mwako, hutajua nani ataitumia na kwa nini. Laini za simu zilizosajiliwa kwa jina lako zikague kwa kupiga *106#.