Barua ya kikao cha nidhamu ya ghafla: nini cha kudai kabla hujaingia chumbani

Swali: "Wakuu, niko Kigoma mjini, nafanya kazi stoo ya kampuni binafsi, huu ni mwaka wa tatu. Jumamosi saa 11 jioni nimepewa barua niende kikao cha nidhamu Jumatatu saa 3 asubuhi kwa 'utovu wa nidhamu na upotevu wa mali ya kampuni'. Ni hivyo tu, hakuna maelezo. Afisa utumishi anasema nije peke yangu. Nifanyeje?"

Mkuu, kuanzia Jumamosi saa 11 jioni hadi Jumatatu saa 3 asubuhi ni saa 40. Kanuni ya 13 ya Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, inasema upewe muda wa kutosha kujiandaa, na kwa kawaida muda huo usipungue saa 48. Kanuni hiyohiyo inataka tuhuma ziwe kwa namna na lugha unayoielewa, na inakupa haki ya kusaidiwa kikaoni na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Kwa hiyo afisa utumishi wako amekosea mara mbili kabla kikao hakijaanza, tatu ukihesabu na hiyo tuhuma isiyosema kitu. Nakuchukulia kama mtu wa sekta binafsi. Watumishi wa umma wana taratibu zao.

Usigome kwenda. Ukikataa bila sababu ya msingi, kanuni inawaruhusu waendelee bila wewe, na hapo utakuwa umewapa ushindi wa bure. Andika barua leo, iwe fupi, bila hasira:

"Nimepokea barua ya wito Jumamosi saa 11 jioni. Nipo tayari kuhudhuria. Naomba kabla ya kikao nipewe kwa maandishi: mali gani imepotea, kiasi gani, kati ya tarehe ipi na ipi, nani aliyehesabu, na nakala za vitabu vilivyotumika kuhesabia. Naomba kikao kisogezwe ili nipate muda usiopungua saa 48 baada ya kupata maelezo hayo. Nitaambatana na mfanyakazi mwenzangu, ndugu fulani."

Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri au isainiwe na aliyepokea, pamoja na saa. Wakikataa kupokea, itume kwa barua pepe au kwenye WhatsApp ya afisa utumishi, muda utajiandika wenyewe.

Sasa nikueleze kwa nini nakomalia hayo maelezo ya tuhuma kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye tawi la kampuni moja ya pembejeo hapa Tabora. Mtunza stoo wetu alipewa barua inafanana sana na yako, tena yake ilikuwa kwa Kiingereza na yeye Kiingereza chake ni cha kusoma lebo za mbolea. Ilisema amekosa uaminifu na kuisababishia kampuni hasara. Wenzake wakamshauri ajibu haraka aonyeshe hana cha kuficha. Nikamwambia subiri. Tuhuma ya namna ile haijibiki. Ukisema "sijaiba" wanakuuliza mali imekwenda wapi, ukianza kubahatisha ilikokwenda, kila neno ulilobahatisha linageuka ushahidi.

Tukaandika kuomba barua kwa Kiswahili na maelezo kamili. Majibu yakaja: mifuko 62 ya mbolea ya NPK haionekani, kwa kulinganisha hesabu ya mwisho wa Septemba na ile ya tarehe 4 Novemba. Mstari mmoja tu, lakini sasa tulikuwa na kitu cha kushika. Kati ya tarehe hizo jamaa alikuwa likizo, kuanzia tarehe 7 hadi 25 Oktoba, ndio msimu wenyewe wa mbolea kutoka kwenda kwa wakulima wa tumbaku. Funguo aliambiwa amwachie ofisa mauzo. Hakuna fomu ya makabidhiano iliyojazwa wakati anaondoka, wala aliporudi.

Tukaomba hati za kutolea mzigo za Oktoba nzima. Humo tukakuta hati ya mifuko 40 kwenda Urambo, imetoka akiwa likizo, imesainiwa na ofisa mauzo, na haikuingizwa kwenye leja. Kwa hiyo kabla kikao hakijakaa, "wizi" wa mifuko 62 ulishapungua hadi 22. Na hata hiyo 22 huwezi kusema ilipotea wiki ipi.

Angalia vilevile nani anaongoza kikao. Kanuni inataka mwenyekiti awe mtu wa uongozi mwenye cheo cha kutosha ambaye hakuhusika na mambo yaliyoleta shauri. Kwetu walimpanga meneja wa tawi, na ndiye aliyehesabu mifuko kwa mkono wake. Shahidi hawezi kuwa hakimu. Tuliandika pingamizi kabla ya siku ya kikao, wakaleta meneja kutoka tawi la mkoa mwingine. Pingamizi la mwenyekiti litoe mapema. Ukilitoa baada ya kuona kikao kinakwenda vibaya, linaonekana kisingizio.

Kuhusu mtu wa kuandamana nawe. Wengi wanamchukua rafiki yao mkubwa kazini, naye anafika pale analia nao. Chukua mtu anayeweza kuandika haraka na kunyamaza. Kama kuna tawi la chama, TUICO au kingine kinachowahusu, mwite kiongozi wa tawi. Kama hakuna, mfanyakazi mwenzako yeyote anatosha, na hawana haki ya kukuchagulia. Wakili wa nje si haki yako kwenye kikao cha ndani, kwa hiyo usipoteze nguvu kubishania hilo. Mwanzoni kabisa mwombe mwenyekiti aweke kwenye kumbukumbu kwamba mwenzako ataruhusiwa kuuliza maswali kwa niaba yako. Sijawahi kuona mwenyekiti akikataa hilo akiombwa kwa adabu mbele ya mwandishi wa kikao.

Kazi ya huyo mtu ni mbili. Kwanza, anaandika kila jibu la shahidi neno kwa neno kadiri anavyoweza, kwa sababu mihutasari ya kampuni huwa na tabia ya kukonda. Pili, anauliza mashahidi. Una haki ya kuwauliza mashahidi wao na kuleta wako. Na kuuliza si kuhutubia. Sisi tulimuuliza meneja aliyehesabu mambo machache: ulipohesabu, mtunza stoo alikuwepo? Akajibu hapana. Kati ya tarehe 7 na 25 funguo zilikuwa kwa nani? Kwa ofisa mauzo. Hati hii ya Urambo, uliijumlisha? Akaiangalia muda mrefu, akasema hakuwa ameiona. Tukakaa kimya. Pale kila mtu alitamani kuongeza hotuba, mimi mwenyewe mate yalinijaa mdomoni, lakini jibu likishapatikana ukiendelea kuongea unamsaidia shahidi kujinasua.

Wajibu wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Wewe hutakiwi kumtafuta mwizi. Mtunza stoo wetu alishawishika katikati ya kikao kusema "labda ni walinzi", nikamgusa mguu chini ya meza.

Hapa ndipo penye mtego ambao watu wengi hawauoni. Mwenyekiti alimaliza kusikiliza, akasema kukosa uaminifu hakujathibitika, lakini kuna uzembe kwenye ile mifuko 22. Uzembe haukuwa kwenye barua ya tuhuma popote. Hatukuulizwa habari ya uzembe, hatukuleta shahidi wa uzembe. Nilisimama nikasema hivyo na nikaomba iandikwe. Ikaandikwa, ila baada ya siku chache barua ya kuachishwa kazi ikaja palepale, sababu: uzembe.

Ukikutwa na hatia kwa lolote, kikao hakijaisha. Kabla ya adhabu lazima upewe nafasi ya kueleza yanayokupunguzia: miaka ya utumishi, kwamba hujawahi kupewa onyo, kwamba uliomba fomu za makabidhiano ukanyimwa. Usiyachanganye haya na utetezi wako wa mwanzo, maana mtu anayeanza kwa kuomba huruma anasikika kama aliyekiri. Yaweke mfukoni hadi hatua hiyo. Wakitaka kuiruka, dai.

Mwisho wa kikao watakuletea muhtasari usaini. Usome wote. Kama jibu la shahidi halimo, liandike pembeni kwa mkono wako kisha saini. Wakisema ukurasa wa saini ni wa mahudhurio tu, andika mwenyewe "mahudhurio tu" mbele ya jina lako. Uamuzi nao udai kwa maandishi pamoja na sababu zake.

Kitu kingine kitakachokuja, pengine hata kabla ya Jumatatu: mtu atakuita pembeni akuambie andika barua ya kuacha kazi, tukupe mafao yako, tuyamalize kiungwana. Ukiandika, umeacha kazi kwa hiari yako, na kuja kudai baadaye kwamba uliachishwa isivyo halali kunakuwa mlima. Mwambie utamjibu kwa maandishi.

Jamaa yetu alikata rufaa ya ndani, ikakataliwa. Tukaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ofisi ya hapa Tabora, tukajaza fomu Na. 1. Muda ni siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, na ukichelewa inabidi uombe kwanza kuongezewa muda na ueleze kila siku uliyochelewa. Pale kwenye usuluhishi kampuni iliwekewa mezani karatasi tatu: barua ya tuhuma inayosema uaminifu, muhtasari wenye pingamizi letu, na barua ya kuachishwa inayosema uzembe. Walimalizana kwa makubaliano ya malipo, hakurudi kazini. Yeye aliridhika, mimi ningependa arudi, ila uamuzi ulikuwa wake.

Angalizo kwa wengine wanaosoma: mwenye chini ya miezi 6 kazini kwa mwajiri huyohuyo halindwi na sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa isivyo halali. Mleta uzi una mwaka wa tatu, halikuhusu. Na kama wamekusimamisha kusubiri kikao, mshahara wako uendelee kulipwa wote.

Jumatatu nenda hiyo saa 3 hata kama barua yako haijajibiwa, ukiwa na mwenzako na nakala iliyosainiwa. Jambo la kwanza omba kikao kiahirishwe, taja saa 40 na taja kanuni. Wakikataa, omba kukataa kwao kuandikwe, kisha baki ujibu kile unachoweza kujibu. Ukitoka, leta hapa walichokujibu kuhusu maelezo ya tuhuma, ila ficha jina la kampuni.