Maswali na majibu: tagi 13 za hereni za shanga

Soko la mtandaoni la Etsy linanipa tagi 13 tu. Nauza hereni ndefu za shanga zenye matamvua, rangi ya feruzi na chungwa. Nizijaze na nini?

Anza na yale ambayo soko limeshayajua. Ulipopanga bidhaa yako chini ya Dangle & Drop Earrings, jina la kundi hilo na makundi yaliyo juu yake tayari yanafanya kazi ya tagi. Sifa ulizochagua kwenye fomu, kama rangi kuu na rangi ya pili, nazo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo `earrings`, `dangle earrings` au `blue` zikikaa peke yake zinakula nafasi bila kukuletea mnunuzi mpya.

Nafasi tano za kwanza zipe kitu chenyewe, kwa maneno ambayo mnunuzi huyaandika:

```
beaded earrings
beaded fringe
fringe earrings
seed bead earrings
long fringe earrings
```

Mbili zinazofuata ni za ufundi na malighafi. Ikiwa umeshona kwa mshono wa kupanga shanga kama matofali ukutani, weka `brick stitch jewelry`. Usiache `brick stitch` tupu, kwa kuwa wengi wanaoandika hivyo ni washonaji wenzako wanaotafuta michoro ya kufuata, hawatafuti hereni za kuvaa. Kama shanga zako ni za kampuni ya Miyuki ya Japani, `miyuki earrings` inastahili nafasi, maana wapo wanunuzi wanaozifuata kwa jina kwa sababu ya usawa wa ukubwa wake. Kama ni za kampuni nyingine, iache.

Kwenye rangi kuna mtego. `turquoise earrings` inaonekana ndiyo tagi sahihi kabisa, lakini anayeandika hivyo mara nyingi anataka jiwe la feruzi. Atafungua tangazo lako, atakuta shanga za kioo, ataondoka. Hilo lina gharama, kwa sababu mfumo wa utafutaji huangalia pia watu wanafanya nini wanapoliona tangazo: wanalifungua, wanalipenda, wananunua au wanapita. Tumia `teal and orange`. Kama mpangilio wa rangi unafanana kweli na machweo, ongeza `sunset earrings`.

Zimebaki nne. `boho earrings` na `statement earrings` ni za mtindo, na zina ushindani mkubwa, lakini hereni ndefu za matamvua ni za humo kwa haki. `lightweight earrings` hujibu hofu ya kila mnunuzi wa hereni kubwa. Iweke baada ya kuzipima tu, na uzito wa kila moja uandike kwa gramu kwenye maelezo. Ya mwisho iwe ya zawadi, na imtaje mtu: `gift for sister` inashindana na matangazo machache kuliko `gift for her`.

Nikiandika `beaded fringe earrings` inakataa. Je, niunganishe maneno?

Hapana. Kila tagi ina kikomo cha herufi 20, na nafasi kati ya maneno huhesabiwa. Hiyo yako ina 22. Ukiandika `beadedfringe earring` itaingia, ila hakuna mtu anayetafuta hivyo.

Igawe katikati kwa namna ambayo kila kipande kitabaki kuwa kitu kinachotafutwa: `beaded fringe` na `fringe earrings`. Soko linaweza kukusanya maneno kutoka tagi tofauti na kuyalinganisha na utafutaji mmoja. Hata hivyo, kirai kikilingana neno kwa neno na alichoandika mnunuzi kina nguvu zaidi. Ndiyo maana kirai kizima weka kwenye kichwa cha tangazo, ambako una herufi 140, na ukitangulize: mnunuzi akitazama kwenye simu huona maneno ya mwanzo tu.

Hesabu kabla ya kuamua. `brick stitch earrings` ina 21, imezidi kwa moja tu. `brick stitch jewelry` ina 20 kamili. Tofauti ndogo namna hii ndiyo humfanya mtu akate neno ovyo na kubaki na tagi isiyo na maana.

Niweke pia umoja na wingi, makosa ya tahajia, na tafsiri ya Kifaransa?

Vyote acha. Etsy hulinganisha mzizi wa neno, kwa hiyo `earring` na `earrings` ni nafasi mbili kwa kazi moja. Aliyekosea tahajia huelekezwa kwenye neno sahihi, na tagi zako hutafsiriwa kwa wanunuzi wa lugha nyingine. Andika zote kwa lugha moja uliyoichagua kwa duka lako.

Naona `native american earrings` inatafutwa sana, na hereni zangu zina umbo lile lile. Naweza kuitumia?

Kama hazikutengenezwa na msanii wa jamii hizo, usiitumie. Marekani ina sheria ya mwaka 1990, Indian Arts and Crafts Act, inayokataza kuuza au kutangaza kitu kwa namna inayomfanya mtu aamini kimetengenezwa na Wamarekani Wenyeji au kabila lao fulani wakati si kweli. Jina la kabila, kama `navajo`, linaingia humo humo. Adhabu yake ni pamoja na faini na kifungo.

Hata bila sheria, hapo unachukua riziki ya watu ambao mikono yao ndiyo iliyolijenga jina hilo. Taja umbo badala ya watu: `geometric earrings` ina herufi 18 na inaeleza michoro yako kwa ukweli.

Nina rangi sita za muundo huo huo. Tagi ziwe zile zile kwenye matangazo yote?

Tano za kitu chenyewe zinaweza kubaki. Za rangi, mtindo na zawadi zibadilike, la sivyo matangazo yako sita yanagombea utafutaji ule ule huku wanunuzi wengine hamuwafikii. Nyeusi na dhahabu ziende kwa anayetafuta hereni za usiku wa sherehe. Nyeupe zinaweza kwenda kwa bibi harusi, `bridal earrings`.

Wiki mbili zimepita, mauzo hakuna. Nizibadilishe zote?

Ukizibadilisha zote kwa mkupuo hutajua ipi ilikuwa inafanya kazi. Tena tangazo jipya hupata msukumo mdogo wa muda mfupi, kwa hiyo namba za siku za mwanzo hazisemi ukweli wote.

Ingia Shop Manager, kisha Stats, fungua tangazo husika utazame maneno yaliyowaleta watu. Tagi ambayo neno lake halijaonekana hata mara moja kwa mwezi mzima ndiyo ya kwanza kuondoka. Badilisha mbili au tatu, andika tarehe na tagi ulizozitoa, kisha subiri wiki nne nyingine.

Neno likileta watu wengi bila yeyote kupenda wala kununua, linganisha na picha ya kwanza: je, aliyeandika neno hilo anakiona alichokitaja? Kama anakiona na bado haongezi kwenye kikapu, tagi haina kosa. Angalia bei, gharama ya usafirishaji, na kama kuna picha ya hereni zikiwa sikioni, kwa sababu urefu wa matamvua haukadiriki kwenye picha ya mezani.