VSC inajuaje ibane tairi gani?

"Gari likiteleza kwenye kona, hiyo VSC inajuaje ifunge breki ya tairi lipi?"

VSC, mfumo wa kulizuia gari lisiteleze, inalinganisha unakotaka kwenda na gari linakokwenda. Sensa ya usukani inasema umekata kiasi gani, nyingine iliyo karibu na katikati ya gari inapima linavyozunguka, na sensa za magurudumu zinatoa mwendo. Chukua kona ya kushoto, lami imelowa. Nyuma ikikimbilia kulia, gari linazunguka kuliko ulivyokata, kwa hiyo inabanwa breki ya mbele kulia peke yake, na pua inavutwa kurudi kulia. Mbele ikigoma kukata, kwa kawaida inabanwa ya nyuma kushoto. Pampu inasukuma mafuta ya breki hata hujagusa pedali. Utasikia mngurumo, taa inapepesa.

– Si ABS tu hiyo, mkuu?

Pampu ni moja, kazi mbili. ABS inalegeza breki uliyokanyaga, hii inabana usiyokanyaga.

– Yangu inapepesa hata barabara iliyonyooka, tangu nipige alaimenti. Sensa imekufa?

Huenda haijafa. Usukani ukinyooka huku sensa ikisoma digrii kadhaa, kompyuta inadhani unakata kona. Fundi aisawazishe sifuri kwa mashine ya kusoma makosa, magurudumu yakiwa yamenyooka.

– Mimi tatizo kama hilo lilikuwa tairi moja la saizi tofauti.

Nalo linawezekana. Pima tairi kwanza, ni bure.